Nani Kabishana na Nani?
Hotuba kwa wafasiri, wakalimani na wadadisi, Tanga

Wazee wangu, mama zangu, wafasiri wenzangu, na nyinyi vijana wadadisi mlioketi nyuma: asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Tanga ndiyo mji wa waja leo waondoka leo, na mwenyekiti ameshaninong'oneza nisizidishe, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kiingereza kikimtaja mtu wa nafsi ya tatu kinamgawa. Mwanamume ni "he", mwanamke ni "she". Kiswahili hakimgawi. Amekuja ni amekuja, awe Asha awe Juma. Nimemwona ni nimemwona, na nyumba yake ni nyumba yake. Hilo kila mtu humu analijua tangu hajaanza shule, na mara nyingi tunalisema kwa fahari, kana kwamba lugha yetu ilikaa kikao ikapitisha azimio la usawa. Haikupitisha. Kiajemi na Kituruki navyo havigawi nafsi ya tatu, na sijasikia mtu akidai kwamba Waajemi na Waturuki walikaa kikao hicho. Lugha zimejikuta hivyo, basi.

Mimi nataka tuzungumzie kazi. Sentensi ya Kiingereza yenye he na she inaingia Kiswahili. Baadaye anaitwa mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza, ili tuone kama ilifika salama. Katikati hapo kuna mambo yanapotea bila mtu kuona, na kuna mengine hayajapotea ila yanapigiwa kelele kama yamepotea.

Nimechagua swali ambalo baadhi yenu mmelibeba mlangoni kwa watu. Zile tafiti kubwa za idadi ya watu na afya, zinazofanywa katika nchi nyingi kwa madodoso yanayofanana, Tanzania ikiwemo, huuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe katika hali fulani. Hali zilizozoeleka ni 5: mke ametoka bila kumwambia mume, hawajali watoto, anabishana na mume, anamnyima mume tendo la ndoa, ameunguza chakula. Mhojiwa anajibu ndiyo au hapana kwa kila hali. Kisha watakwimu wanahesabu waliosema ndiyo angalau kwa hali moja kati ya hizo, na asilimia inayopatikana ndiyo inayosomwa kwenye ripoti na kunukuliwa kwenye mikutano. Kwa hiyo hali moja tu ikisikika vibaya, hesabu ya mwisho imeguswa.

Kwa Kiingereza hali zote hizo zimeandikwa kwa she, na mume akitajwa, kwa him. Jina halirudiwi hata mara moja, na halina haja ya kurudiwa: she hawezi kuwa mume, him hawezi kuwa mke. Sasa nitalitafsiri hapa mbele yenu kama anavyolitafsiri mtu mwenye haraka. Msije mkasema nimenukuu dodoso rasmi. Hii ni tafsiri yangu, na nimeifanya mbovu makusudi.

"Je, mume ana haki ya kumpiga mke wake akitoka bila kumwambia?"

Naomba mikono. Aliyetoka ni nani? Wanaosema mke? Haya. Wanaosema mume? Naam, na nyinyi mpo, tena si wachache. Mama yangu pale anatikisa kichwa. Sema, mama. Anasema, "Mume atoke mwenyewe bila kuaga, halafu arudi ampige mwenziwe? Huo ubabe gani?" Ahsante sana. Mama kajibu hapana, na mdadisi angeandika hapana. Lakini mama kajibu swali ambalo hakuna aliyelitunga.

Kwa nini tumegawanyika? Kuna kamba mbili zinazovuta. Ya kwanza ni kwamba msikilizaji wa Kiswahili hupenda kumshikilia mtenda aliyeanza naye. Ukianza na mume, kila "a-" inayofuata inamwendea mume mpaka uoneshe kwamba umembadilisha. Ndivyo tunavyosimulia: aliamka, akanawa, akanywa chai, akatoka. Hakuna anayeuliza ni nani aliyetoka. Kamba ya pili ni ukaribu. Neno lililo jirani kabisa na "akitoka" ni "mke wake", basi sikio jingine linamchukua mke kwa kuwa ndiye aliye karibu. Kamba hizi mbili zikivuta upande mmoja hakuna shida. Hapa zinavuta pande tofauti, na kila mmoja wetu kafuata yake.

Halafu kuna la tatu, ambalo sikulitegemea mpaka nilipolisoma kwa sauti: hiyo "-ki-". Akitoka inaweza kuwa endapo atatoka, na inaweza kuwa wakati anatoka. Kuna mtu anaweza kuelewa kwamba tunauliza kama mume anaruhusiwa kumpiga mkewe mlangoni, huku anaondoka kwenda kazini.

Sasa chukueni hali ya kubishana: "Mume ana haki ya kumpiga mke wake akibishana naye?" Hapa hata akili ya kawaida haitusaidii, kwa sababu kubishana ni kwa pande mbili. Akibishana naye: mume akibishana na mke, mke akibishana na mume, yote yana maana nzuri tu. Kwenye Kiingereza she yuko upande mmoja, him upande wa pili, na mwanzishaji wa ubishi anajulikana. Kwetu "a-" na "naye" wamevaa sare moja.

Linganisheni na chakula: "Mume ana haki ya kumpiga mke wake akiunguza chakula?" Nadhani humu hakuna aliyefikiria mume kaunguza. Sarufi ni ile ile, kamba ni zile zile, lakini jibu limekuja moja. Mazoea yetu ya jikoni ndiyo yaliyolijaza pengo. Na hapo ndipo hatari ya kazi hii ilipo, kwa sababu tafsiri yenye pengo lililojazwa na mazoea inaonekana tafsiri nzuri.

Tuje kwenye kurudisha. Tangu Richard Brislin alipoandika juu ya njia hii mwaka 1970, watafiti wengi wanaitumia: mfasiri wa kwanza anatoa dodoso kwenye Kiingereza kwenda Kiswahili, mfasiri wa pili, ambaye hajaona Kiingereza cha asili, anachukua Kiswahili kile na kukirudisha kwenye Kiingereza, kisha mtu wa tatu anaweka Kiingereza viwili kando kwa kando na kutafuta tofauti. Inaitwa tafsiri rejeshi. Ni njia nzuri kwa mambo mengi. Ukikosea tarakimu, itaonekana. Ukiruka "si", itaonekana. Ukitafsiri homa ya matumbo kuwa maumivu ya tumbo, itaonekana.

Kwenye he na she njia hii inapofuka, tena inapofuka mara mbili.

Upofu wa kwanza ni huu. Mfasiri wa pili anapokea ile sentensi yangu mbovu. Anatakiwa aandike Kiingereza, na Kiingereza hakimruhusu kuandika "a-". Lazima achague. Anajiuliza, nani anayepigwa kwa kutoka bila kusema? Ni mke bila shaka, ndivyo maswali haya yalivyo. Anaandika she, anaandika him. Mtu wa tatu analinganisha na asili: neno kwa neno, sawasawa! Anaweka alama ya vema. Dodoso linachapwa, linaingia kwenye vishikwambi, linakwenda Mkinga, Pangani na Lushoto, na pengo lipo pale pale. Mfasiri wa pili kalitibu kwenye karatasi yake tu. Kadiri alivyo mtu mwerevu, ndivyo kosa linavyofichwa vizuri zaidi.

Upofu wa pili ni kinyume chake. Katika dodoso hilo hilo utakuta maelezo ya mtoto mgonjwa: alipoharisha mara ya mwisho, alipewa nini cha kunywa? Kiingereza cha asili pengine kimeandika he au she kwa pamoja, kwa kuwa hakijui mtoto ni wa kike au wa kiume. Kiswahili kinasema "alipewa", na hiyo ni tafsiri kamili, haidaiwi kitu. Mfasiri wa pili akirudisha anaandika he peke yake, kwa mazoea. Mtu wa tatu anapiga wino mwekundu: mmeondoa watoto wa kike! Barua pepe zinaanza kwenda na kurudi. Nimewahi kuona rasimu moja ambayo, ili kumridhisha mkaguzi, mfasiri alirudi akaandika "yeye wa kiume au wa kike alipewa". Nani anazungumza hivyo? Mhojiwa akisikia hayo anadhani swali lina mtego.

Kwa hiyo mkaguzi kaacha jeraha lipite, kaenda kufunga bandeji mahali pazima. Si uzembe wake. Kifaa alichopewa hakioni.

Kinachoona ni sikio la mtu. Kabla dodoso halijachapwa, chukueni watu wachache wa aina ya watakaohojiwa, muwasomee swali kwa mwendo wa mdadisi, mara moja tu, kisha msiwaulize wanajibuje. Waulizeni: katoka nani? Kamwambia nani? Nani kabishana na nani? Akisita, sentensi ina pengo. Akijibu haraka lakini mwenzake akajibu tofauti, sentensi ina pengo. Na wale wa lugha mama nyingine, Wasambaa, Wadigo, Wabondei, wasiachwe, kwa kuwa Kiswahili ndicho wanachohojiwa nacho.

Pengo likionekana, unaliziba vipi? Nitachukua sentensi ile ile niizungushe.

Njia rahisi ni kurudia jina: "Je, mume ana haki ya kumpiga mke wake, mke akitoka bila kumwambia mume?" Imeeleweka, lakini imechakaa masikioni. Mke wake, mke, mume. Mara 5 mfululizo, mhojiwa anachoka.

Njia ya pili ni kutendewa: "Je, mke anastahili kupigwa na mumewe akitoka bila kumuaga?" Hapa ufundi ni mzuri. Umemweka mke awe mwanzo wa sentensi, zile kamba zote zinamvuta yeye, na "akitoka" inamwendea bila kusukumwa. Mwanafunzi akiniletea hii nampa alama za sarufi. Lakini isikilizeni tena. Swali la asili linapima haki ya mume. Hili langu linapima stahili ya mke. Mtu anaweza kuamini kwamba mume hana haki ya kupiga, na bado akasema mke yule kajitakia. Umeziba pengo la kiwakilishi ukafungua pengo la maana, na la pili ni baya kuliko la kwanza.

Njia ninayoipenda ni kutanguliza sharti: "Mke akitoka bila kumuaga mumewe, je, mume ana haki ya kumpiga?" Kila kitu kimekaa. Mke katajwa kwanza na kitendo chake. "Mumewe" imebeba kazi mbili kwa neno moja, maana mtu mwenye mumewe ni mke. Anapoingia mume upya anatajwa kwa jina, na "kumpiga" haina mtu mwingine wa kumwendea ila mke. Hata ile "-ki-" imetulia, kwa sababu ikitangulia mbele na "je" ikafuata, sikio linaisoma kama sharti. Na kubishana nako kunakaa: "Mke akibishana na mumewe, je, mume ana haki ya kumpiga?" Utaona nimeandika kumuaga badala ya kumwambia. Hapa Pwani mtu akitoka anaaga. Kumwambia kunamfanya mhojiwa asubiri kusikia kaambiwa nini.

Mmeona basi kwamba Kiswahili kinaweza kusema he na she kikitaka. Kinasema kwa majina. Ila majina yana gharama yake, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wafasiri wa hadithi wanaumia zaidi kuliko wa madodoso.

She inasema jambo moja tu: wa kike. Haisemi ana umri gani, kaolewa au hajaolewa, ni wa kuamkiwa au wa kuamkia. Sasa nitajieni neno la Kiswahili linalosema wa kike na likaishia hapo. Mke ana mume. Bibi ana umri au heshima. Binti ni kijana. Mama ni mama wa mtu, au mtu wa kuheshimiwa kama mama. Dada ni rika lako au umpe adabu ya dada. Mwanamke ndiyo inakaribia, lakini jaribu kuiandika kila mahali palipo she katika hadithi ya Kiingereza: "mwanamke akasema, mwanamke akacheka, mwanamke akaondoka". Ukurasa wa pili mwanamke huyo anaanza kusikika kama mtuhumiwa kwenye ripoti ya polisi.

Ndiyo maana mfasiri mzoefu hujinyima. Hamtaji jinsi pale ambapo haijatakiwa. Anatumia "yule" na "huyu" kuwatenga wawili, anatumia "naye" kuashiria kwamba zamu imehamia kwa mwingine, anatumia "mwenziwe". Na kama hadithi imetaja ndoa, vitenzi vyetu vinamfanyia kazi ambayo Kiingereza hakina: ameoa ni mwanamume, ameolewa ni mwanamke, anakaa eda ni mwanamke. Huko hatuhitaji kiwakilishi.

Sasa tugeuze safari. Mpaka hapa Kiingereza kilikuwa kinajua, Kiswahili kikanyamaza. Je, matini ikizaliwa kwa Kiswahili? Nimetunga sentensi chache, mzifikirie kama ukurasa wa kwanza wa hadithi ambayo mmepewa mwipeleke kwenye Kiingereza:

"Daktari aliingia, akavua miwani, akamtazama mgonjwa. Akamwuliza mwanawe yuko wapi. Mgonjwa akageuzia uso ukutani. Shemeji yake ndiye aliyejibu."

Kwa msomaji wa Kiswahili haina hata punje ya shida. Anasoma, anasonga mbele, akisubiri kuambiwa zaidi. Kwa mfasiri kuna watu 4: daktari, mgonjwa, mwana, shemeji. Kila mmoja anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, ni hadithi 16 tofauti za Kiingereza, na sentensi zetu zimezibeba zote bila kuchagua. Daktari pengine ataokoka kwa kuitwa daktari tu. Mgonjwa naye hivyo hivyo, kwa muda. Lakini "mwanawe" inadai aliyezaa ajulikane jinsi, na mwana mwenyewe Kiingereza kingependa ajulikane. Shemeji ndiye hana pa kujificha kabisa, kwa sababu neno la Kiingereza lenyewe linadai useme ndugu wa kike au wa kiume.

Hapo mtu hushawishika kurusha shilingi. Msirushe, kwa sababu Kiswahili kimeacha alama moja. Wazee wa hapa mnaijua bila kufundishwa. Mwanamke na dada wa mumewe wanaitanaje? Wifi. Mwanamke na mke wa kaka yake? Wifi. Ushemeji haupiti baina ya wanawake wawili; upo pale ambapo angalau mmoja ni mwanamume. Mwandishi kaandika shemeji, hakuandika wifi. Kwa hiyo mkiamua mgonjwa ni mwanamke, shemeji lazima awe mwanamume. Mkiamua shemeji ni mwanamke, mgonjwa lazima awe mwanamume. Njia moja kati ya 4 za watu hawa wawili imefungwa, na zile hadithi 16 zimebaki 12. Bado ni nyingi, lakini kurasa zinazofuata zitazipunguza: mtu atavaa kanzu, mtu atasukwa nywele, mtu atasemwa ameachika. Someni mpaka mwisho kabla hamjaandika kiwakilishi cha kwanza. Najua mnalipwa kwa ukurasa na mhariri anapiga simu. Someni tu.

Na majina ya watu yasiwadanganye. Mwanaidi hana utata, Rajabu hana utata. Lakini Zawadi, Amani, Furaha? Mchumba je? Mchumba wa mtu anaweza kuwa yeyote kati ya wawili, na kwenye Kiingereza cha maandishi hata herufi za neno hilo zinabadilika kwa jinsi.

Mzee ameinua mkono. Karibu, mzee wangu. Mzee anasema alikuwa karani wa mahakama miaka ya nyuma, shahidi akisema Kiswahili na kumbukumbu ikiandikwa kwa Kiingereza. Anauliza: shahidi akisema "nilimkuta anampiga", na aliyemkuta hajatajwa bado, karani aandikeje?

Shikamoo mzee, na ahsante, maana umeleta penye uzito. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na mahakama za mwanzo zilikuwa nacho siku zote, lakini Kiingereza hakijaondoka kwenye majalada. Hadithi ninaweza kumsubiria mwandishi. Ushahidi hausubiri. Jibu langu ni kwamba mkalimani asimalizie sentensi ya shahidi. Akiandika he amemtaja mtuhumiwa ambaye shahidi hajamtaja. Aombe ruhusa, aulize: "Ulimkuta nani, akimpiga nani?" Hakimu asiporuhusu, iandikwe mtu fulani alikuwa anampiga mtu mwingine, kwa majina ya jumla, hata kama Kiingereza chake kitakuwa kizito. Mzee anatabasamu. Anasema walikuwa wanaandika he. Najua, mzee, wengi waliandika hivyo.

Kuna aliyeniandikia kikaratasi kuhusu mashairi na taarabu. Tanga ya Black Star na Lucky Star haiwezi kukaa kikao kizima bila hilo. Anauliza: wimbo unamsema mpenzi, "amenikimbia", "ameniacha", mshairi ni mwanamume, mwimbaji ni mwanamke. Kiingereza kimfuate nani?

Kisimfuate yeyote, kama kunawezekana. Angalieni kwanza kama wimbo unaweza kuhamishiwa nafsi ya pili. Kiingereza hakina jinsi kwenye wewe, kama sisi, na nyimbo zetu nyingi zenyewe zinaruka kutoka yeye kwenda wewe ndani ya ubeti mmoja. Kinachopotea ni ule umbali wa kumsema mtu hali yumo ukumbini anasikia, na wenye taarabu mnajua umbali huo ndio utamu wenyewe. Kwa hiyo sipendekezi kwa nyimbo za mafumbo. Kwa nyimbo za kulia mapenzi inakubali.

Na kwa kuwa tuko Tanga, nitaje na mwenyeji wenu, Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962. Alizitia kwa Kiswahili tungo za Omar Khayyam akizipata kupitia Kiingereza cha FitzGerald. Kiajemi alichoandikia Khayyam hakimgawi yeye, kama Kiswahili chetu. Maneno yalitoka lugha isiyogawa, yakapita lugha inayogawa, yakatua tena lugha isiyogawa. Ila hayakurudi kama yalivyoondoka, maana alichokuwa nacho mkononi ni Kiingereza. FitzGerald akishaamua jambo, mfasiri wa baada yake hawezi kujua kwamba liliwahi kuwa wazi.

Swali la mwisho, dada yangu pale mbele. Anasema ana hadithi yake mwenyewe ya Kiswahili ambamo muuaji hajulikani ni mwanamke au mwanamume mpaka ukurasa wa mwisho, na anataka iende kwenye Kiingereza.

Una vitu vitatu mkononi, dada. Rudia jina la kazi: mpangaji wa chumba cha 4, mpangaji, mpangaji. Tumia kutendewa: mlango ulifunguliwa, taa ikazimwa. Na tumia "they" kwa mtu mmoja, ambayo Kiingereza kimeitumia kwa karne nyingi kwa mtu asiyejulikana, na siku hizi ina nguvu zaidi. Ila "they" ina kasoro kwako hasa: msomaji wa Kiingereza akiiona inarudiwa kwa mtu mmoja anayetembea na kula na kupika, atashtuka kwamba unamficha kitu. Kwa Kiswahili hakuna anayeshtuka, kwa sababu "a-" haifichi, ndivyo ilivyo. Siri yako itajulikana kuwa ni siri tangu ukurasa wa kwanza. Kwa hadithi ya kurasa 5 au 6, changanya vyote vitatu na itapita. Ikiwa ndefu zaidi, ningekushauri mpangaji huyo asimulie mwenyewe, kwa mimi, maana hapo Kiingereza nacho hakiulizi. Itabidi uandike upya sura kadhaa za Kiswahili, na kabla hujaanza ujue kama mchapishaji atakulipa kazi hiyo.